Hesabu ya Nane na Sebene la Kigango

Wanafunzi wa chuo cha ualimu wanapoletwa shuleni kujifunza kufundisha, sisi huku Litapunga tunawaita walimu wa mazoezi. Mjukuu wangu alipoletwa shule ya kwetu akapewa kipindi cha michezo, na mada aliyopangiwa ilikuwa kufanya mazoezi ya viungo kwa kufuata muziki, yale wanayoyaita erobiki. Kwa hiyo akawa mwalimu wa mazoezi wa mazoezi. Watoto walicheka hilo mpaka likachuja.

Mimi sikucheka. Niliuliza tu, "Kwa hiyo serikali imekusomesha uje kuchezesha watoto wa watu?"

"Bibi, siyo kucheza. Ni kufundisha moyo kufanya kazi."

"Moyo wangu unafanya kazi na hakuna aliyeufundisha."

"Ndiyo maana ukipanda kale kamwinuko ka kanisani unasimama mara mbili."

Huyo ndiye mke mwenzangu. Tangu ananyonya nilimwita hivyo, maana babu yake alimpenda kuliko alivyonipenda mimi, na mzee alipofariki tukabaki wajane wawili, mmoja mkubwa na mmoja wa chekechea. Alifikia kwangu kipindi chote cha mazoezi. Nilimpa chumba cha nyuma, nikamwambia saa ya kuamka na saa ya kurudi, na nikamwambia kuwa ualimu wake unaishia kwenye geti la shule.

Jambo lenyewe lilikuwa hivi. Mkufunzi wa chuo angetoka Mpanda aje kumwona akifundisha kipindi kimoja. Akiridhika, basi. Asiporidhika, binti angerudia mazoezi yote mwaka unaofuata, wenzake wakiwa wameshamaliza wanasubiri kazi. Karo yake ya chuo ilitoka kwenye karanga zangu na kwa mama yake, na wote tulikuwa tumefika mwisho wa kamba. Hakuna aliyemwambia. Alijua.

Jioni jua likiwa bado lipo alikaa kwenye kigoda na simu yake, anasikiliza wimbo huku anapiga paja na kiganja. Anapiga, anaangalia saa ya simu, anaandika, anaweka wimbo mwingine. Nikamuuliza anahesabu nini.

"Mapigo. Nahesabu robo ya dakika, nazidisha mara nne. Napata mapigo ya dakika nzima. Hapo najua kasi."

"Kasi ya nini?"

"Ya miguu, bibi. Wimbo ndio unaoamuru miguu. Ukiwa mzito, watoto wanalala. Ukiwa mwepesi sana, hawawahi kushusha kisigino, wanabaki kudonoadonoa kwa vidole kama kuku, wanaumia."

Kisha akaweka singeli. Mnaijua singeli. Hata mbuzi wangu waliinua vichwa. Akaisikiliza kidogo, akacheka, akasema, "Hii imepita mia mbili. Hapa hata mimi nakufa." Lakini watoto walikuwa wamemwomba hiyo hiyo, na niliona anaiangalia kwa tamaa, maana mwalimu mgeni anataka kupendwa.

Nikamwambia hapana. Katekista ana watoto wawili katika darasa lile. Sitaki kusimama Jumapili niulizwe mjukuu wangu anafundisha watoto wa kigango kukata viuno. "Weka wimbo wa kwaya," nikasema. "Kwaya yetu wenyewe imerekodi Mpanda, ngoma ipo, kinanda kipo. Nini zaidi unataka?"

Akauweka. Akapiga paja, akahesabu. Uso ukamfunguka. "Mia moja na kumi na kitu. Bibi, huu ni mzuri kabisa wa kuanzia. Mwendo wa kutembea kwa haraka." Akauzima hapo hapo, akaanza kupanga hatua.

Aliuzima hapo hapo, ndiyo. Kosa lilikuwa hapo, na tulikuwa wawili tuliokaa nalo uani bila kuliona.

Mkufunzi alikuja siku ambayo zamu ya kupika uji wa shule ilikuwa yangu na jirani yangu. Jirani yangu huyu wazazi wake walitoka Burundi, alikulia Mishamo kwenye makazi ya wakimbizi, akaolewa huku, na sasa tumezeeka pamoja ukuta kwa ukuta. Jiko la shule liko pembeni ya uwanja, halina mlango. Nilikuwa na mwiko mkononi na nilikuwa naona kila kitu.

Mkufunzi aliwekewa meza na kiti mbele ya uwanja, chini ya kivuli cha paa la ofisi. Mtu wa mbali, shati limenyooshwa, viatu vimeshapata vumbi letu. Watoto wamepangwa mistari, mkono mmoja kati ya mtu na mtu. Spika ndogo imewekwa juu ya tofali. Mke mwenzangu amevaa suruali ya michezo ambayo nilikuwa sijaizoea.

Wimbo ukaanza. Wakatembea papo hapo. Wakaenda hatua pembeni, kufunga, pembeni, kufunga. Kisigino mbele, kimoja na kingine. Yeye anahesabu mpaka nane, anarudi moja, na watoto wanamfuata vizuri. Nikamwambia jirani, "Mtoto anajua kazi." Jirani akasema, "Kumbe."

Halafu likaingia sebene.

Wanaosali na sisi hawahitaji kuelezwa. Nyimbo za kwaya yetu zinaanza kwa utulivu, ubeti, kiitikio, ubeti, kisha ngoma inachanganya, gitaa linapanda, na hapo ndipo watu wanatoka kwenye mabenchi kwenda mbele na sadaka zao, wanacheza. Hatukai sebene likiingia. Mtoto wa huku anajua hilo kabla hajajua kusema shikamoo.

Ngoma ilipochanganya, watoto wote wakatoka kwenye mistari. Siyo kwa utundu. Walitoka kwa heshima, wakajipanga wawili wawili kama kanisani, wakacheza kwenda mbele. Na mbele palikuwa na meza, na nyuma ya meza palikuwa na mkufunzi. Mtoto wa kwanza, kasichana kembamba kenye sauti ya kuongoza kwaya ya watoto, kakafika mezani, kakapiga goti kidogo, kakaweka ganda la karanga. Waliofuata wakaweka walichokuwa nacho. Jani. Kijiwe. Mmoja akaweka kifungo cha shati lake.

Mjukuu wangu alikuwa bado anahesabu. "Tano, sita," anasema, na mbele yake hakuna mtu.

Mkufunzi alivumilia mpaka wimbo ukaisha. Kisha akasema, na sauti yake ilifika jikoni, "Mwalimu, hili ni disko au ni kipindi?"

"Ni kipindi, mkufunzi."

"Mada inasema kuchagua kasi inayofaa. Nimeona kasi mbili. Ya kwanza umeichagua wewe. Ya pili imewachagua nyie." Akasukuma vile vitu pembeni kwa upande wa kalamu. Hakuelewa ni sadaka. Alidhani wanamdhihaki, na mtu anayedhani anadhihakiwa hasikii maelezo. Ila alikuwa mwadilifu kiasi chake. Alisema atapita tena wiki ijayo akitoka kukagua shule nyingine, na itakuwa mara ya mwisho.

Siku ile mjukuu wangu alirudi nyumbani akavua viatu, akalala bila kula. Nilimwacha. Kesho yake nilimwekea ugali na maharage mbele, nikakaa hapo mpaka akamaliza.

"Nilihesabu mwanzo tu," akasema. "Nilisikia mwanzo mzuri nikauzima."

"Sasa utaweka wimbo gani?"

"Sijui. Nikiweka wa mjini, utanisema."

"Nitakusema, ndiyo. Lakini sitakuua."

Akasogeza sahani pembeni. Kisha akaomba nimwitie jirani. Akasema anataka darasa la watu wawili ambao hawawezi kumkimbilia, ajaribu wimbo wote mpaka mwisho.

Ndivyo tulivyojikuta, wanawake wawili wenye kanga viunoni, tumesimama uani kwetu kama tunaosubiri chanjo. Kwanza alituambia tuvue malapa au tuvae viatu vinavyoshika mguu, malapa hapana. Tukavaa viatu vya Jumapili.

Alisimama akitutazama, akasema, "Kulia," na akanyoosha mkono wake wa kulia. Mimi nikamfuata mdomo, jirani akamfuata mkono. Tukagongana mabega, jirani akakalia ndoo.

"Umenisukuma, dada," jirani akasema, akiwa amekaa hapo hapo.

"Wewe ndiye uliyekuja upande wa wenye akili."

Mke mwenzangu alicheka kwa mara ya kwanza tangu siku ya mkufunzi. Akawaza kidogo. Akasema akisimama uso kwa uso na sisi, yeye ndiye anapaswa kuwa kioo: akisema kulia, anyooshe kushoto kwake, ili twende upande mmoja sote. Alifanya hivyo mara nyingi peke yake, anakosea, anaanza tena, kama mtu anayejifunza kuandika kwa mkono mwingine.

Tatizo la pili lilikuwa jirani. Tulikuwa tunahesabu kwa sauti, na mimi nilikuwa nafika nane, yeye bado yuko njiani, mguu mmoja juu.

"Unahesabu nini wewe?" nikamuuliza.

"Nahesabu kama wewe."

"Hesabu kwa sauti."

"Rimwe, kabiri, gatatu, kane, gatanu, gatandatu, indwi..."

"Hiyo gatandatu inakula pigo zima," mjukuu wangu akasema. "Bibi, hebu sikiliza. Moja, mbili, tatu, nne. Tano, sita, saba, nane. Yote mafupi, yote yanalingana. Ukikanyaga, neno limeisha."

"Kwa hiyo Mungu aliwapa Waswahili hesabu ya kuchezea," jirani akasema, "sisi akatupa ya kuhesabia ng'ombe." Lakini alijitahidi. Aliposahau alirudi kwenye gatandatu, na tulimjua kwa goti lililochelewa.

Mjukuu wangu alipata kitu hapo, nilimwona. Akaanza kufupisha maneno yake. Shuleni alikuwa anasema, "Sasa tunanyanyua goti la mguu wa kulia," na kabla hajamaliza nane imeshapita. Sasa akawa anasema neno moja. Tembea. Pembeni. Kisigino. Goti. Na hakulisema hatua ilipofika. Alilisema kabla, nane ya zamani ikiwa inaelekea kuisha. Badala ya tano, sita, saba, nane, anahesabu kurudi nyuma: nne, tatu, mbili, goti. Mwili unapata habari mapema. Mimi mwenyewe, ambaye mjukuu huyu ananisema kwa kuchelewa kusikia, niliwahi.

Hakutupa hatua zote kwa mara moja. Tulitembea papo hapo mpaka tukazoea. Akatupa pembeni, tukazoea, akaunganisha na kutembea. Akatupa kisigino peke yake, kisha akazirudisha zote tangu mwanzo na kisigino mkiani. Mwisho goti. Nane ya kutembea, nane ya pembeni, nane ya kisigino, nane ya goti, tunarudi mwanzo. Aliniambia nyimbo nyingi zinakwenda kwa mafungu hayo hayo, ukisikiliza unasikia sauti inavuta pumzi fungu linapoisha. Nikasikiliza wimbo wetu wa kwaya, ambao nimeuimba miaka, nikasikia kweli.

Kwa sababu ya goti langu bovu alinikataza kuruka. Mguu mmoja ubaki chini muda wote, akasema, na goti lipande unapoweza, usishindane na jirani. Nilishindana kidogo.

Tulipofika sebene tulisimama sote watatu tukaangaliana. Jirani tayari alikuwa ameanza kwenda mbele, mkono umeshika sadaka isiyokuwepo.

"Unaona," mjukuu wangu akasema. "Hata huku uani."

Akahesabu sebene peke yake, robo ya dakika. Mia thelathini na kitu. Akakaa kwenye kigoda, akarudia kuhesabu, akasema taratibu, kama anajisemea, "Lakini hii ndiyo kasi niliyokuwa naitafuta. Ya sehemu ya katikati. Ubeti ni wa kupasha mwili. Sebene ni la kazi yenyewe."

"Na watoto watakimbia tena kwa mkufunzi," nikasema.

"Wasipopewa cha kufanya, watakimbia. Bibi, kanisani sebene likiingia mnafanya nini?"

"Tunatoa sadaka."

"Basi watatoa goti."

Tukalifanya. Nne, tatu, mbili, goti. Sebene likaingia na magoti yetu yakapanda nalo, na siku ile nilijua jasho lina faida gani. Alikuwa anatuuliza maswali tukiwa katikati: jana ulikula nini, nani kazaa kule Sibwesa. Nikamjibu kwa hasira, maneno matatu na pumzi. "Vizuri," akasema. "Ukiweza kuongea na huwezi kuimba, uko mahali penyewe. Ukishindwa kuongea, punguza."

Wimbo ukaisha ghafla, kama nyimbo zetu zinavyoisha, na mimi nikasimama ghafla nao. Uani ukazunguka. Nilimshika jirani, jirani akanishika, na ndoo ikapata mtu wa pili.

Mke mwenzangu alinijia haraka na uso ambao sikupenda kuuona. "Kosa langu," akasema. "Damu ilikuwa miguuni. Usikae, bibi. Tembea nami. Polepole." Akanizungusha uani mkono kwenye kiwiko, kama nilivyomzungusha yeye alipokuwa anajifunza kutembea, na wala hakuna aliyelitaja hilo. Tulipokuwa tunatembea akarudisha wimbo mwanzo, pale penye utulivu, na miguu yetu ikaufuata yenyewe. Akasimama. "Ndiyo hivyo," akasema. "Unaanza na ubeti, unaingia sebene, unarudi kwenye ubeti. Mwanzo ndio mwisho."

Shuleni aliwafundisha hivyo hivyo, vipindi viwili kabla ya mkufunzi kurudi. Kila mstari akaupa ruhusa ya kutunga nane moja ya kwake. Watoto wenye baiskeli nyumbani walitunga ya kupiga pampu, wanachuchumaa kidogo mikono inasukuma chini. Wengine kupepeta, ungo hewani, kulia na kushoto. Mstari wa watoto wa katekista ulitaka kuweka ishara ya msalaba, akawaomba waiache kanisani.

Siku ya mkufunzi zamu ya jiko haikuwa yangu. Niliibadilisha, jirani naye akaja nami.

Safari hii uwanja ulikuwa umemwagiwa maji. Meza ilikuwa pale pale. Mkufunzi alikaa na uso ule ule. Mimi nilitia unga kwenye maji, nikachukua mwiko, na tangu hapo siwezi kuwaeleza kilichoendelea ndani ya sufuria.

Ubeti. Wakatembea. Pembeni. Kisigino. Watoto wanahesabu kwa sauti, yeye anawatazama na mikono yake imegeuzwa kioo, na haikukosea. Nilikuwa naujua wimbo kuliko yeye. Niliusikia unakaribia pale ngoma inapovuta, na jirani pembeni yangu alinishika kanga.

Kasichana kale ka ganda la karanga kalikuwa mstari wa mbele. Nilikaona mguu wake umeshatoka, unyayo uko hewani kwenda mbele, kwa mkufunzi. Mkufunzi naye alikaona. Aliinua kalamu.

"Nne," mjukuu wangu akasema, wala hakupiga kelele. "Tatu. Mbili. Goti."

Mguu ule ule uliokuwa unakwenda mbele ukapanda juu. Na magoti yote ya uwanja yakapanda, sebene likaingia chini yake kama maji yanavyoingia kwenye mfereji uliochimbwa tayari. Hakuna aliyetoka mstarini. Walikuwa wanatabasamu kama siku ya mavuno kanisani, wanatoa magoti yao, na jirani yangu akaanza kutoa yake jikoni, anahesabu kwa Kirundi, anachelewa.

Mkufunzi alisimama akapita kati ya mistari. Akamuuliza kasichana kale, magoti yakiendelea, "Unaishi wapi?"

"Nyuma ya, ya kanisa, mkufunzi. Karibu na, na kisima."

"Imba jina la kisima."

Kakajaribu, kakakosa pumzi, kakacheka. Mkufunzi akatikisa kichwa kukubali, akaendelea. Alifika kwa watoto wa pampu, akawatazama muda. Nafikiri alikuwa na baiskeli utotoni.

Sebene lilipoisha hakuna mtoto aliyeanguka chini wala kukaa. Wimbo ulirudi mwanzo, wakatembea, polepole, mikono inashuka, mpaka pumzi zikawa za kawaida. Mkufunzi alizungumza na mjukuu wangu pembeni, mimi nisisikie, na hilo lilinikera. Kisha wote wawili wakaja jikoni, maana mgeni hupewa uji.

Jirani ndiye aliyemimina. Alimimina uso ameugeuza pembeni, nami nikaelewa kwa nini aliposogea, harufu ikanifikia.

Mkufunzi akanywa funda moja. Akashusha kikombe polepole.

"Mama," akaniambia, "kipindi kimepita. Uji ndio haujapita."

Jirani alijiziba mdomo kwa kanga. Mjukuu wangu aliangalia sufuria, akaangalia mwiko mkononi mwangu ukiwa mkavu, akaniangalia mimi. Alijua basi nilikuwa natazama wapi muda wote.

"Bibi, umeunguza uji wa shule nzima."

"Watakunywa," nikasema. "Wamechoka, hawatasikia ladha."

Waliisikia. Mwalimu mkuu aliisikia pia, na alinieleza. Baada ya hapo sufuria ilikuwa imeshika chini unene wa kidole, haikwanguki, na mke mwenzangu akaja na suruali yake ya michezo akakaa chini kunisaidia. Nilimpa kijiko cha chuma, mimi nikachukua kipande cha bati. Tukakwangua. Sikusikia tulipoanza, ila jirani alisikia, akatuambia tunakwangua kwa hesabu ya nane.